Nimeitwa usaili wa mtunza ghala la dawa, naombeni tuisome hii barua pepe pamoja

KimambaNyumbani

Wakuu, habari za jioni. Niliomba kazi ya utunzaji ghala kwenye kampuni binafsi ya kusambaza dawa, Dar es Salaam. Leo mchana imeingia barua pepe kutoka kwa meneja wa rasilimali watu. Imeandikwa kwa Kiingereza, naiweka hapa kwa Kiswahili. Jina la kampuni na namba za simu nimetoa.

> Ndugu mwombaji,
>
> Asante kwa kuomba nafasi ya Mtunza Ghala. Tunakualika kwenye usaili Jumanne tarehe 19 Mei 2026, saa 3:00 asubuhi, katika ofisi zetu za Vingunguti, Barabara ya Nyerere. Ingilia geti namba 2, ujiandikishe mapokezi.
>
> Utaanza na jaribio la vitendo la dakika 45 kwenye kompyuta, kisha mahojiano ya dakika 40 hivi. Jopo litakuwa na watu wanne: mimi mwenyewe, mkuu wa ghala, mfamasia msimamizi na mhasibu wa kampuni.
>
> Njoo na kitambulisho, vyeti halisi vya shule na chuo pamoja na nakala moja ya kila kimoja, cheti cha kuzaliwa, majina na simu za wadhamini watatu, na hati za mshahara za miezi mitatu iliyopita.
>
> Baadhi ya maeneo utakayotembezwa ni ya ghala, hivyo vaa viatu vya kufunika mguu. Tafadhali thibitisha kwa kujibu barua pepe hii kabla ya Ijumaa saa 10 jioni.

Yanayonisumbua ni haya. Kwanza, imekuja na faili la kalenda linaitwa invite.ics, nikilifungua kwenye simu linaniambia saa 6 mchana wakati barua inasema saa 3 asubuhi. Nifuate lipi? Pili, cheti cha stashahada chuo hakijatoa, nina karatasi ya matokeo tu. Tatu, hilo jaribio la vitendo ni la nini kwa mtunza ghala? Nne, hati za mshahara wanazitakia nini? Niko Kilosa, kazi ninayo ila ndogo. Na kadi ya NIDA sijapata, nina namba tu.

Muha wa Kasulu

Hongera mkuu. Ingia kwenye akaunti yako ya Ajira Portal uchukue namba ya usaili, maana bila hiyo hawakuingizi. Kutakuwa na mchujo wa kuandika kwanza, halafu wanaopita ndio wanakwenda vitendo na mahojiano. Na hiyo karatasi ya matokeo sahau kabisa, Sekretarieti ya Ajira hawaipokei. Walinirudisha mlangoni kwa hilo hilo, na nauli niliyotoka nayo Kasulu ilikuwa ya kukopa.

Dawatini

Pole kwa hayo, Muha, ila hii siyo kazi ya serikali ya kupitia Sekretarieti ya Ajira. Soma tena hapo juu, ni kampuni binafsi, na aliyeandika ni meneja anayeajiri mwenyewe. Hakuna akaunti wala mchujo wa maelfu ya watu. Ukiona jopo la watu wanne na dakika 40 kwa kila mtu, ujue siku hiyo wameita watu wachache, pengine sita au saba. Maombi yameshachambuliwa, na wewe umeshapita mlango wa kwanza.

Kimamba, nimefanya kazi za utumishi kwenye kampuni za usafirishaji na maghala kwa muda mrefu, na barua kama hizi nimeziandika mimi. Nitakujibu kidogo kidogo. Nianze na saa, kwa sababu ndiyo inayoweza kukunyima kazi kabla hujafungua mdomo.

Chukua lile faili la kalenda, lifungue kwenye kompyuta kwa Notepad badala ya kalenda. Utaona maandishi mengi. Tafuta mstari unaoanza na DTSTART, uniwekee hapa.

KimambaNyumbani

Shikamoo dada, au kaka, sijui. Nimeenda kwa jamaa mwenye steshenari akanifungulia. Mstari ni huu:

```
DTSTART:20260519T090000Z
```

Dawatini

Marahaba, mimi ni dada. Hiyo Z ya mwisho ndiyo yenye kesi. Inamaanisha saa imeandikwa kwa majira ya dunia, ya Greenwich, na sisi Afrika Mashariki tuko mbele kwa saa tatu. Simu yako imefanya kazi yake sawasawa, imechukua 09:00 ikaongeza tatu, ikapata 12:00, yaani saa 6 mchana. Aliyetuma alitaka saa 3 asubuhi yetu, lakini kompyuta yake au mfumo wanaotumia haukuwekwa majira ya Dar es Salaam. Naliona hili mara kwa mara kwenye kampuni ambazo mfumo wa ajira umenunuliwa nje.

Kwa hiyo nina uhakika mkubwa kwamba ni saa 3 asubuhi. Lakini uhakika wangu usikutoshe. Unatakiwa kujibu kuthibitisha kabla ya Ijumaa hata hivyo, basi kwenye jibu hilo hilo uliza. Andika hivi:

"Nathibitisha kuwa nitahudhuria usaili Jumanne tarehe 19 Mei 2026. Barua yenu inataja saa 3:00 asubuhi, faili la kalenda linaonyesha saa 6:00 mchana. Naomba kujua saa sahihi."

Usiandike maelezo ya Z wala Greenwich. Huyo mtu anataka kujua kama unakuja, na ataona umesoma barua yake yote. Huko ghala wanatafuta mtu anayeona namba mbili zisizolingana, nawe umeziona hata kabla hujafika.

Mkali wa Tandale

Mimi nasema jambo moja tu kuhusu vyeti. Cheti halisi HAKIKABIDHIWI MTU. Peleka nakala zilizogongwa muhuri wa wakili, basi. Kuna watu wamekaa na vyeti vya watu makabatini, ukiacha kazi hawakupi mpaka umalize sijui nini. Wakitaka halisi waambie viko nyumbani.

Dawatini

Mkali, nusu ya maneno yako nayashika kwa mikono miwili. Kuacha cheti halisi ofisini kwa mtu, hapana. Wakikwambia "tuachie tutakurudishia", mwambie kwa adabu kwamba utasubiri wakilinganisha na nakala, na uondoke navyo. Mwajiri hana sababu ya kulala na cheti chako.

Ila kwenda bila halisi ni kujifungia mlango. Barua inasema vyeti halisi pamoja na nakala moja ya kila kimoja. Maana yake mtu wa mapokezi au msaidizi wa utumishi atashika halisi mkono mmoja na nakala mkono mwingine, aangalie jina, mwaka, namba ya cheti na muhuri, atie tiki kwenye nakala na kukurudishia halisi hapo hapo. Ni kazi ya dakika tano. Muhuri wa wakili haujaombwa na barua hii, kwa hiyo usitumie hela yako huko. Ungeombwa, wangeandika nakala zilizothibitishwa.

Panga vyeti kwenye faili kwa mfuatano walioutaja wao kwenye barua. Kitambulisho juu, halafu vya shule, chuo, cha kuzaliwa, wadhamini, mishahara. Asianze kukuona unapekua bahasha.

Kuhusu stashahada, hapa usisubiri Jumanne. Huko Sekretarieti ya Ajira alikosema Muha sheria imeandikwa kwenye matangazo yao, karatasi za matokeo hazipokelewi. Kampuni binafsi inajiamulia yenyewe. Wengi wanapokea karatasi ya matokeo au transkripti kama mtu amemaliza juzi, wakiona barua ya chuo inayosema amehitimu na cheti kitatolewa lini. Nenda kwa msajili wa chuo wiki hii uombe barua hiyo, iwe na muhuri na tarehe. Na kwenye lile jibu lako la kuthibitisha ongeza mstari mmoja, kwamba cheti bado hakijatolewa na chuo na utakuja na transkripti pamoja na barua ya msajili, je, inatosha? Wakikataa utakuwa umejulia Kilosa, siyo Vingunguti.

Namba ya NIDA ichapishe, lakini beba na kitambulisho chenye picha. Cha mpiga kura kinatosha, au leseni.

Nyakato_Mza

Na majina je? Mimi cheti changu cha kuzaliwa kina majina mawili, cha kidato cha nne kina matatu, la katikati ni la babu. Chuo wakaandika kama cha kuzaliwa. Kuna ofisi moja ya serikali hapa Mwanza niliitwa, nikapita kuandika vizuri, siku ya mahojiano wakaniambia majina hayalingani. Nilikuwa na kiapo cha mahakamani, wakakikataa. Nililia stendi. Naomba Kimamba asikutwe na hilo.

Dawatini

Nyakato mdogo wangu, pole sana. Kwa serikalini wanachotaka ni hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati, Wizara ya Ardhi. Kiapo cha kawaida mbele ya hakimu au wakili ni maneno yako tu uliyoapia, hakijasajiliwa popote, ndiyo maana walikukatalia. Wakili anakuandalia hiyo hati, kisha inapelekwa kusajiliwa. Ifanye sasa, usingoje kuitwa tena, kwa sababu huchukua muda kuliko siku wanazotoa kati ya tangazo na usaili.

Binafsi huwa hawabani hivyo, kiapo kinapita sehemu nyingi. Kimamba, toa vyeti vyako vyote, viweke mezani kimoja kando ya kingine, soma majina herufi kwa herufi. Hata "Saidi" na "Said" iangalie.

Mzee wa Stoo

Habari za humu. Mimi nataka lile la jaribio, maana mmelipita kama halipo na ndilo litakalomwajiri au kumwangusha. Nimeshika ghala la dawa miaka na miaka na nimetunga majaribio ya hivi.

Kijana, dakika 45 kwenye kompyuta kwa mtunza ghala ni leja. Watakupa faili la Excel la dawa moja au mbili, na pengine bahasha ya karatasi, hati za kupokelea na hati za kutolea mzigo. Nikutolee mfano, nawe ushike kalamu.

Makasha ya paracetamol. Mwezi wa tatu umeanza na 420. Yamepokelewa 300. Yametoka 180, yakatoka 240. Yaliyoharibika 6 yakaondolewa. Leja inasema ngapi?

KimambaNyumbani

420 jumlisha 300 ni 720. Toa 180 ni 540. Toa 240 ni 300. Toa 6 ni 294.

Mzee wa Stoo

Vizuri. Sasa karatasi ya kuhesabu inasema rafuni yako makasha 254. Hapo ndipo jaribio linapoanza. Watu wengi huandika "upungufu 40" wakaenda mstari unaofuata. Wengine huirekebisha leja isome 254 ili mambo yalingane, na huyo hata akiwa na shahada simwajiri, kwa sababu amefuta ushahidi.

Unachotakiwa ni kurudi kwenye bahasha. Pitia hati za kutolea moja moja, weka tiki kwenye kila iliyomo kwenye leja. Utakuta moja ya makasha 40, imesainiwa na dereva, haikuingizwa. Iingize kwa tarehe yake halisi, leja itasoma 254 yenyewe. Usipoikuta karatasi, andika tofauti, andika umeangalia nini na nini, na acha hesabu ya leja kama ilivyo mpaka mkuu wa ghala asaini marekebisho.

Halafu watauliza mzigo utakaa siku ngapi. Mwezi wa kwanza yalitoka 390, wa pili 410. Wa tatu, bila ile hati ya 40, unaona 420. Ukiiingiza ni 460. Msambazaji huchukua siku 20 kuleta. Fanya hesabu mbili, ya kabla na ya baada ya kuikuta karatasi, uniambie.

KimambaNyumbani

Kabla: 390, 410 na 420 ni 1,220, gawa kwa 3 ni kama 407 kwa mwezi. 294 gawa kwa 407 mara 30, napata karibu siku 22.

Baada: 390, 410 na 460 ni 1,260, gawa kwa 3 ni 420. 254 gawa kwa 420 mara 30, siku 18.

Aisee. Ya kwanza inasema mzigo utafika bado ninayo, ya pili inasema nitaishiwa siku mbili kabla.

Mzee wa Stoo

Ndiyo hiyo. Karatasi moja iliyosahaulika, ukiiingiza, inapunguza baki na wakati huo huo inapandisha matumizi, inakuvuta pande zote mbili. Ukiandika sentensi hiyo chini ya jedwali, "agizo litoke leo, mzigo utaisha kabla ya kufika", mkuu wa ghala ataizungushia duara.

Kwenye Excel, matumizi ya miezi mitatu yakiwa B2 hadi B4, fomula ni hizi, ya kwanza iweke B5:

```
=AVERAGE(B2:B4)
=254/B5*30
```

Usipige kikokotoo cha simu ukaja kuandika jibu. Wanafungua seli kuangalia kama kuna fomula.

Na wakikupa bechi mbili, moja makasha 154 inaisha muda Oktoba, nyingine 100 imeingia juzi inaisha Agosti, inayotoka kwanza ni ya Agosti, ijapokuwa imeingia mwisho. Waliotoka maghala ya saruji au vipuri hukosea hapo, huko wanatoa kilichotangulia kuingia.

Mkali wa Tandale

Mzee heshima yako. Lakini mfamasia kwenye jopo anafuata nini kwa mtu wa stoo? Huyo si wa duka la dawa?

Mzee wa Stoo

Huyo ndiye anayebeba dhamana ya zile dawa mbele ya mamlaka ya dawa, TMDA, na Baraza la Famasi. Ghala likivurugwa ni jina lake. Atauliza joto. Dawa nyingi zinakaa chini ya nyuzi 30, chanjo na insulini nyuzi 2 mpaka 8. Swali lake la kawaida ni hili: umefika asubuhi, umeme ulikatika usiku, jokofu linasoma nyuzi 11, unafanyaje?

Anayejibu "natupa" ameangusha, anayejibu "naendelea kutoa" ameangusha zaidi. Unahamishia kwenye jokofu linalofanya kazi, unabandika maandishi kwamba zisitolewe, unaandika joto ulilokuta na saa, ukiangalia kipimajoto kilifika wapi juu kabisa usiku. Unampigia yeye. Kuamua kama zinafaa ni kazi yake na mtengenezaji, siyo yako. Hicho anachotaka kusikia ni kwamba unajua mpaka wako uko wapi.

Likoni Ferry

Hamjambo kutoka Mombasa. Mbona hawajamwitisha cheti cha tabia njema cha polisi? Huku kwetu zamani ungeitiwa usaili ukaambiwa uje na karatasi ya polisi wa upelelezi DCI, ya kodi kutoka KRA, ya mkopo wa chuo kutoka HELB, ya maadili kutoka EACC na ya madeni kutoka CRB, zote ukalipie ukiwa huna hata kazi. Ilibadilishwa kwa sheria ya 2022, sasa mwajiri hawezi kukudai hizo mpaka awe ana nia ya kukupa mkataba. Lakini bado wako wanaoandika kwenye barua pepe kana kwamba sheria haipo.

Dawatini

Karibu ndugu yetu. Kwa Kimamba hawajaiomba, nami nisingeibeba. Kwenye ghala la dawa huenda wakaitaka baadaye, wakishamchagua. Sheria unayosema ni ya kwenu, huku mambo yanategemea mwajiri.

Ila Kimamba, sikiliza. Kama kati ya leo na Jumanne itakuja barua nyingine au simu ikikuambia utume hela ya kipimo cha afya, ya sare au ya "kuhifadhi nafasi", simama hapo hapo. Hii uliyoleta haina harufu hiyo, imetaja geti, jopo na viatu, na haijaomba shilingi. Angalia tu anwani ya mtumaji kama inaishia na jina la tovuti ya kampuni yenyewe, halafu piga namba iliyoko kwenye tovuti, siyo iliyoko kwenye barua.

KimambaNyumbani

Anwani inalingana na tovuti. Nimejibu kama ulivyoelekeza, dada. Nimepata jibu leo asubuhi: saa ni 3:00 asubuhi, wameomba radhi kwa faili la kalenda na wametuma jingine. Transkripti na barua ya chuo wamesema wanapokea. Msajili ameahidi barua Alhamisi.

Zimebaki hati za mshahara. Ninapofanya kazi sasa nalipwa kidogo mno. Nikiwaonyesha si watanipandishia kidogo tu juu ya hapo?

Mkali wa Tandale

Usiwape! Hapo ndipo wanapokukamata. Sema mshahara ni siri baina yako na mwajiri wako.

Dawatini

Hapa nitasema ukweli wa upande wa meza yangu. Huwa tunaziomba kwa sababu mbili. Moja ni kuhakikisha kweli uko kazini pale unaposema uko, maana hati ina jina la mwajiri na makato ya NSSF. Nyingine ndiyo hiyo unayoiogopa, kupanga ofa. Zote mbili zipo.

Mimi ningezibeba na nisizitoe mpaka ziombwe. Zikiombwa, nitoe huku nikitaja kiasi ninachotegemea kwa kazi hii, na kwa nini kazi hii ni tofauti na ninayofanya sasa.

Nyakato_Mza

Dada Dawatini, mimi hapo sikubaliani nawe. Rafiki yangu alitoa, wakampa nyongeza ya elfu hamsini. Mwenzake wa dawati moja hakutoa, akataja kiasi, akapewa zaidi.

Mzee wa Stoo

Nami nimeona asiyetoa akaambiwa faili lake halijakamilika, akapewa wa pili. Kila kampuni na yake.

Dawatini

Ndiyo, sitabishana na wote wawili, nimeyaona yote. Kimamba atapima mwenyewe.

Jambo la mwisho kuhusu swali la "unaweza kuanza lini". Wewe uko kazini. Kama unalipwa kwa mwezi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka notisi isiyopungua siku 28 ukishapita mwezi wa kwanza wa kazi. Angalia mkataba wako kama umeandika zaidi. Ukijibu "hata kesho" unafikiri umewafurahisha, kumbe meneja wa utumishi anaandika pembeni kwamba utamwacha na yeye hivyo hivyo.

Na safari. Usitoke Kilosa siku yenyewe. Fika Dar Jumatatu, ulale. Kama utapandia treni Morogoro na inasimama Pugu, shuka Pugu, upande daladala ya kupitia Gongo la Mboto kuja Barabara ya Nyerere, hutahitaji kuingia mjini. Jumatatu jioni pita ulione geti namba 2 kwa macho, maana viwanda vya pale vina mageti upande wa barabara na upande wa nyuma, na kutoka moja kwenda jingine ni mwendo.

Muha wa Kasulu

Je, nauli wanarudisha?

Dawatini

Barua haijasema, kwa hiyo ahesabu kwamba hawarudishi. Atunze tiketi, akiona wamekaa vizuri mwishoni amuulize mtu wa mapokezi, siyo jopo.

KimambaNyumbani

Wakuu nimerudi. Usaili umeisha salama, nawaletea ilivyokuwa.

Mapokezi walilinganisha vyeti kama dada alivyosema, nikarudishiwa vyote. Tulikuwa watu watano. Jaribio lilikuwa leja ya dawa mbili, na bahasha ya hati. Nilikuta mbili hazijaingizwa, siyo moja, na ya pili ilikuwa ya kupokelea, kwa hiyo baki lilipanda badala ya kushuka. Dawa ya pili tofauti ilibaki makasha 12 na sikuona karatasi, nikaandika nilichoangalia nikaacha leja ilivyo. Mkuu wa ghala aliniuliza kwa nini sikurekebisha, nikamjibu kwamba anayesaini marekebisho ni yeye. Hakusema kitu, akaandika.

Mfamasia aliuliza jokofu, ila lake lilikuwa nyuzi 1, siyo 11. Nilijibu vile vile, nikaongeza kwamba zilizoganda zinaweza kuharibika bila kuonekana. Mhasibu aliuliza nikimkuta mwenzangu ametoa mzigo bila hati kwa amri ya bosi ningefanyaje. Hilo sikulitegemea. Nilisema ningeandika hati siku hiyo hiyo na kumpelekea aliyeamuru asaini. Sijui kama walilipenda.

Mishahara waliiomba mwishoni. Nilitoa, nikataja ninachotegemea.

Mzee wa Stoo

Nyuzi 1, vizuri sana, huyo mfamasia anajua kazi. Insulini ikiganda imekwisha, hata ikiyeyuka ukaiona safi. Umejibu. La mhasibu nalo umejibu sawa, ila ungeongeza kwamba mzigo hautoki mara ya pili bila hati hata bosi akisimama mlangoni.

Nyakato_Mza

Hongera kaka. Mimi nimeshampata wakili wa ile hati ya jina, ameniambia nipeleke cheti cha kuzaliwa na cha kidato cha nne.

KimambaNyumbani

Asanteni wote. Nimesikia leo wamewapigia wadhamini wangu wawili. Wa tatu, mwalimu wangu wa chuo, simu yake haipatikani tangu juzi, yuko safarini vijijini. Ninyamaze tu, au niwaambie?

Dawatini

Waambie leo, kabla hawajaandika "hapatikani". Jibu kwenye barua pepe ile ile ya mwaliko ili waone mfululizo, taja kwamba mwalimu yuko eneo lisilo na mtandao, toa jina na simu ya mtu mwingine wa chuo aliyekusimamia, na yeye umpigie kwanza kumwambia atapigiwa na nani na kwa kazi gani.

KimambaNyumbani

Nimempata mkuu wa idara, amekubali. Naandika sasa hivi.